Hesabu za Nyumbani: Herufi r ya Nairobi si herufi r ya Brussels

Safu ya mwezi huu inajibu barua ya mama mmoja anayeishi Schaerbeek. Alisoma Kenya hadi kidato cha nne, na mwanawe wa miaka 16 yuko mwaka wa tano wa sekondari katika shule ya Kifaransa hapa mjini.

Zoezi la kijana lilikuwa fupi. Mfuatano wa namba wa aina ya aritmetiki unaanza na u₁ = 5, na r = 3. Tafuta u₁₀, yaani namba ya kumi. Mama alikumbuka vizuri alivyofundishwa zamani: r ni namba ya kuzidishia. Akamwelekeza kijana aanze na 5, azidishe kwa 3 mara tisa, wakafika 98,415. Karatasi ilirudi na mstari mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika 32. "Mama, hesabu za kwenu si za hapa," kijana akasema. Tangu siku hiyo hamletei tena daftari. Mama anauliza kama kweli hesabu zimebadilika tangu yeye amalize shule.

Hazikubadilika. Zilizobadilika ni herufi. Na kwa kuwa barua kama hii si ya kwanza kunifikia, leo tulichukue jambo lenyewe tangu mwanzo: jinsi ya kujua orodha ya namba ni ya aina gani, na jinsi ya kufikia namba ya mbali bila kuzihesabu zote moja moja.

Aina mbili, majina mengi

Kuna mifuatano inayokua kwa kujumlisha. Unaanza na namba moja, kisha kila hatua unaongeza kiasi kilekile: 5, 8, 11, 14. Huu ndio mfuatano wa aritmetiki. Kuna na mifuatano inayokua kwa kuzidisha. Kila hatua unazidisha kwa namba ileile: 5, 15, 45, 135. Huu ndio mfuatano wa jiometri. Mimi nikiwa na watoto napenda kusema "wa kujumlisha" na "wa kuzidisha", kwa sababu majina hayo yanasema kazi yenyewe.

Sasa tazama herufi. Aliyesoma Kenya au Tanzania amezoea kuandika d kwa kile kinachoongezwa katika mfuatano wa kujumlisha, na r kwa kile kinachozidishwa katika mfuatano wa kuzidisha. Katika shule za Kifaransa za hapa, r ndiyo inayoongezwa, na inayozidishwa ni q. Tena Kifaransa kina neno moja tu, rezoni, kwa zote mbili: kuna rezoni ya mfuatano wa kujumlisha na rezoni ya mfuatano wa kuzidisha. Katika shule za Kiflemi, ambazo pia ziko humu humu Brussels, utakuta v kwa inayoongezwa na q kwa inayozidishwa.

Kwa hiyo herufi r ilimfanya mama azidishe pale ambapo zoezi lilitaka kujumlisha. Tatu tisa zikijumlishwa ni 27, ukianza na 5 unafika 32. Tatu zikizidishwa mara tisa zinakupeleka karibu laki moja. Mzazi aliyesoma kwa Kifaransa kule Bukavu au Goma mara nyingi hakutani na tatizo hili, maana r na q amezizoea. Tuliosoma kwa Kiingereza ndio wa kuangalia. Kabla ya kushika kalamu, msomee mtoto swali, utafute neno linalotaja aina. Likisema aritmetiki, jumlisha, hata herufi iwe ipi.

Kuna na alama nyingine ndogo ya kuangalia. Ubelgiji desimali huandikwa kwa mkato, si kwa nukta. Ile 98,415 niliyoiandika hapo juu, kwetu ni elfu tisini na nane, mia nne na kumi na tano. Kwa mwalimu wa hapa ni tisini na nane na desimali tatu. Ndiyo maana katika vitabu vya hapa namba za orodha hutenganishwa kwa nukta na mkato: 2,5; 5; 7,5. Mtoto aliyehamia karibuni kutoka Mombasa anaweza kuiona 2,5 akadhani ni namba mbili. Katika safu hii naandika desimali kwa nukta kama tulivyozoea, lakini kwenye daftari la shule mtoto aandike mkato.

Kuitambua orodha

Chukua orodha hizi mbili. Tuseme ni kodi ya nyumba kwa mwezi, kwa euro, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne.

Orodha A: 750, 780, 810, 840
Orodha B: 750, 780, 811.20, 843.65

Ukitazama namba mbili za mwanzo tu, huwezi kujua lolote. Kutoka 750 hadi 780 mtu anaweza kuwa ameongeza 30, na anaweza kuwa amezidisha kwa 1.04. Zote mbili ni kweli. Ndiyo sababu orodha ya namba mbili haina aina. Unahitaji ya tatu angalau, na ni afadhali uwe na ya nne.

Kazi ni hii. Kwanza toa: kila namba utoe ile iliyo nyuma yake. Orodha A inatoa 30, 30, 30. Tofauti hazibadiliki, basi ni ya kujumlisha, na r yake ni 30. Orodha B inatoa 30, kisha 31.20, kisha 32.45. Tofauti zinakua, basi si ya kujumlisha.

Pili gawanya: kila namba igawe kwa ile iliyo nyuma yake. Orodha B inatoa 1.04, 1.04, na ya mwisho 1.0400025 hivi. Hapo mwanafunzi husita. Je, si sawa? Ni sawa. 811.20 ukizidisha kwa 1.04 unapata 843.648, na aliyeandika orodha amekadiria hadi senti. Namba zinazotoka kwenye pesa halisi karibu zote zimekadiriwa, kwa hiyo uwiano unaopishana katika desimali ya sita si sababu ya kuikataa aina. Jiulize swali moja: nikizidisha na kukadiria hadi senti, napata namba iliyoandikwa? Ukipata, orodha imekubali.

Sasa igawe na Orodha A uone: 1.04, kisha 1.0385, kisha 1.0370. Huku uwiano unashuka kila hatua, na kushuka huko hakutokani na kukadiria. Ukiongeza 30 juu ya namba inayozidi kuwa kubwa, ile 30 inazidi kuwa sehemu ndogo. Hii ni dalili nzuri ya kukumbuka: katika orodha ya kujumlisha inayopanda, uwiano hushuka polepole kuelekea 1, katika orodha ya kuzidisha inayopanda, tofauti huongezeka.

Mambo matatu huwapotosha watoto hapa. La kwanza ni orodha inayoshuka. Wakiona 80, 40, 20, 10, wengi husema inapunguzwa, basi ni ya kujumlisha namba hasi. Lakini tofauti ni −40, −20, −10, hazilingani. Uwiano ni nusu kila mara. Kumbe ni ya kuzidisha, na q yake ni 0.5. La pili ni alama zinazobadilikabadilika: 3, −6, 12, −24 ni ya kuzidisha pia, q ni −2.

La tatu ndilo zito zaidi: si kila orodha ina aina. Chukua 1, 4, 9, 16. Tofauti ni 3, 5, 7. Uwiano ni 4, kisha 2.25, kisha 1.78. Vipimo vyote viwili vimekataa, na jibu sahihi kwenye daftari ni kwamba mfuatano huu si wa kujumlisha wala wa kuzidisha. Mtoto asiogope kuliandika jibu hilo. Mitihani huliuliza makusudi, na anayelazimisha aina hupoteza alama.

Kufikia namba ya mbali

Ukishaijua aina, kanuni ni mbili tu. Kwa herufi za shule za Kifaransa za hapa:

Kujumlisha: uₙ = u₁ + (n − 1) × r
Kuzidisha: uₙ = u₁ × q⁽ⁿ⁻¹⁾

Herufi n ni nafasi ya namba katika orodha. Swali ambalo watoto huniuliza kuliko yote ni hili: kwa nini n − 1, mbona si n? Huwa nawapeleka kwenye tramu. Ukipanda kituo cha kwanza ukashuka kituo cha tisa, umepita vituo tisa, lakini tramu imekwenda safari ngapi kati ya kituo na kituo? Nane. Nafasi ni vituo, kuongeza au kuzidisha ni mwendo kati ya vituo. Namba ya kwanza umepewa bure, hujaongeza kitu.

Tukirudi kwenye kodi, mwaka wa tisa ni hatua nane baada ya mwaka wa kwanza. Mikataba mingi ya nyumba za kuishi hapa ni ya miaka tisa, kwa hiyo ni mwaka unaofaa kuangaliwa.

Orodha A: 750 + 8 × 30 = 750 + 240 = 990.
Orodha B: 750 × 1.04⁸ = 750 × 1.368569 = 1026.43.

Orodha mbili zilizoanza sawa, zikalingana hata mwaka wa pili, zimeachana kwa euro 36.43 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima wa tisa hiyo ni zaidi ya euro 437. Ukienda mbali hadi mwaka wa ishirini, yaani hatua 19, A inafika 1320 na B inafika 1580.14. Mwaka wa tatu tofauti ilikuwa euro 1.20 tu. Hivi ndivyo kuzidisha kulivyo: mwanzoni kunafanana na kujumlisha, baadaye hakufanani nako hata kidogo. Ndiyo maana ni lazima kuijua aina mapema, wakati bado namba zinafanana.

Kwenye kikokotoo, mtoto aangalie mpangilio. Anayeandika 750 × 1.04 kisha akapandisha jibu lote kwa kipeo cha 8 atapata namba isiyo na maana. Kipeo ni cha 1.04 peke yake.

Kuna kipimo kimoja cha kujihakikishia kanuni yako. Weka n = 1. Lazima ipatikane namba ya kwanza ya orodha. Aliyeandika 750 + n × 30 atapata 780 akiweka 1, na hapo hapo atajua ameteleza hatua moja.

Lakini jihadhari: baadhi ya walimu na vitabu huanza kuhesabu na u₀ badala ya u₁. Hapo nafasi ya n iko hatua n kamili kutoka mwanzo, na kanuni huwa u₀ + n × r. Maneno ya swali hubadilika vivyo hivyo. "Kodi ya mwaka wa tisa" ni hatua nane. "Kodi baada ya miaka tisa" ni hatua tisa. Msomee mtoto swali kwa sauti, mkahesabu hatua kwa vidole kabla ya kugusa kanuni.

Wakati mwingine swali halikupi namba ya kwanza. Linakupa mbili za katikati, kwa mfano mfuatano wa kujumlisha wenye u₄ = 840 na u₉ = 990. Hesabu hatua: kutoka 4 hadi 9 ni tano. Zimeongeza 150. Basi kila hatua ni 30, na ukirudi nyuma hatua tatu kutoka 840 unafika 750. Kwa kuzidisha ni mwendo uleule, ila badala ya kutoa unagawa, na badala ya kugawa kwa hatua unatafuta kipeo. Ukipewa u₃ = 12 na u₆ = 96, gawanya upate 8. Hatua ni tatu, basi unatafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu inatoa 8. Ni 2. Rudi nyuma hatua mbili kutoka 12, u₁ ni 3.

Ila hatua zikiwa shufwa, kuna majibu mawili. Ukipewa u₃ = 12 na u₅ = 48, uwiano ni 4 kwa hatua mbili, na q inaweza kuwa 2 au −2. Zote mbili zinatoka 12 na kufika 48. Moja inapitia 24, nyingine inapitia −24. Mtoto aandike zote, isipokuwa swali limesema namba zote ni chanya.

Barua ya mwenye nyumba

Nimechagua mfano wa kodi kwa sababu kila mwaka, karibu na tarehe ambayo mkataba ulianza, wapangaji wengi wa Brussels hupata barua ya kupandishiwa kodi kufuatana na indeksi. Kanuni iliyomo ni hii: kodi ya msingi zidisha kwa indeksi mpya, kisha gawa kwa indeksi ya kuanzia. Kodi ya msingi ni ile ya kwenye mkataba, na indeksi ya kuanzia haibadiliki. Watu huniuliza: je, orodha hiyo ni ya kujumlisha au ya kuzidisha?

Jibu haliko ndani ya kanuni hiyo. Liko kwenye indeksi. Nitatumia indeksi za kubuni ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme kodi ya msingi ni 750 na indeksi ya kuanzia ni 100. Ikiwa indeksi inakwenda 100, 104, 108, 112, yaani inaongeza pointi nne kila mwaka, kodi itakwenda 750, 780, 810, 840. Hiyo ni Orodha A yetu, ya kujumlisha. Ikiwa indeksi inakwenda 100, 104, 108.16, 112.4864, yaani bei zinapanda asilimia nne kila mwaka, kodi itakwenda 750, 780, 811.20, 843.65. Hiyo ni Orodha B, ya kuzidisha. Kanuni moja, mkataba mmoja, aina mbili.

Hapa ndipo maneno mawili yanapotusaidia: pointi na asilimia. Kinachoongezwa kwa pointi, kwa euro au kwa kilo kila hatua, kiasi kilekile, kinazaa mfuatano wa kujumlisha. Kinachopanda au kushuka kwa asilimia ileile ya kile kilichopo sasa kinazaa mfuatano wa kuzidisha. Ukiweka euro 50 kila mwezi katika kikundi cha akiba, bila faida, jumla yako ni ya kujumlisha. Ukiacha pesa benki kwa riba ya asilimia mbili kwa mwaka, na riba nayo ikaachwa izae, ni ya kuzidisha, na q ni 1.02, si 2 wala 0.02. Hili nalo husahauliwa: asilimia nne juu ni 1.04, kwa sababu ile mia ya mwanzo bado ipo. Asilimia nne chini ni 0.96.

Asilimia za miaka tofauti hazijumlishwi. Nchini Ubelgiji bei zilipanda karibu asilimia 10 mwaka 2022 na karibu asilimia 4 mwaka 2023. Kitu cha euro 750 kikipanda kwa asilimia 10 kinakuwa 825, na 825 ikipanda kwa asilimia 4 inakuwa 858. Anayejumlisha 10 na 4 akasema ni asilimia 14 anapata 855. Zile euro tatu zilizopotea ni asilimia nne za zile 75 zilizoongezeka mwaka wa kwanza.

Na hiyo miaka miwili inatuonyesha jambo jingine: asilimia 10 na asilimia 4 hazilingani, wala euro zilizoongezwa hazilingani. Orodha halisi ya kodi, basi, si ya kujumlisha wala ya kuzidisha. Tena kuanzia Oktoba 2022, kwa mwaka mmoja, Mkoa wa Brussels ulizuia upandishaji huu kwa nyumba zenye cheti cha nishati cha daraja F au G, au zisizo na cheti, na zenye daraja E ziliruhusiwa nusu tu. Kwa nyumba hizo orodha ilisimama au ilipunguza mwendo kwa amri ya sheria, na hakuna kanuni ya uₙ ambayo ingeweza kulibashiri hilo. Kanuni inasema namba ya mbali itakuwa ipi ikiwa hatua haitabadilika. Neno "ikiwa" ndilo linalobeba kila kitu. Ndiyo maana katika swali la shule hukosi kukuta maneno kama "kwa kiwango kisichobadilika". Yakikosekana, namba tatu zilizofuatana vizuri hazitoshi kuapa kuhusu ya ishirini.

Atakayepita karibu na majengo ya Umoja wa Ulaya hapa mjini anaweza kuukuta mtaa wenye jina la Stevin. Simon Stevin alizaliwa Bruges mwaka 1548. Mwaka 1582 alichapisha Antwerp majedwali ya riba, wakati ambapo majedwali kama hayo yalikuwa yakiandikwa kwa mkono na kufichwa na wenye mabenki. Jedwali la riba inayozaa riba ni mfuatano wa kuzidisha tu, umeandikwa mwaka kwa mwaka ili mkopaji asihitaji kuzidisha mwenyewe. Miaka mitatu baadaye, 1585, huyo huyo alichapisha kijitabu cha kuwafundisha watu kutumia desimali, bila ambazo 1.04 tungeiandika kwa sehemu. Kwa hiyo mpangaji wa Antwerp au Brussels anayetaka kujua mwaka wa tisa utakuwaje anafanya hesabu iliyowahi kuwa siri ya benki.

Kwa mama wa Schaerbeek

Mwambie kijana alete daftari, kisha muandike pamoja mistari miwili ukurasa wa mwisho. Wa kwanza: d ya Mama = r ya shule. Wa pili: r ya Mama = q ya shule. Baada ya hapo mpe orodha ya 5, 15, 45, mwulize ni swali gani lingefaa jibu la 98,415. Atagundua kwamba hesabu yako ilikuwa sahihi kabisa, ila ilijibu swali la mfuatano mwingine.

Zoezi la mwezi

Kwa kila orodha, taja aina, kisha jibu.

1. 7, 11, 15, 19. Namba ya ishirini ni ipi?
2. 640, 320, 160, 80. Namba ya nane ni ipi?
3. 2, 6, 12, 20. Ni ya aina gani?
4. Katika Orodha A na Orodha B za kodi, ni mwaka wa ngapi kodi inavuka euro 1000 kwa mara ya kwanza?

Majibu. La kwanza ni la kujumlisha, r ni 4, hatua 19, jibu 83. La pili ni la kuzidisha, q ni 0.5, hatua saba, jibu 5. La tatu si la kujumlisha wala la kuzidisha: tofauti ni 4, 6, 8, na uwiano ni 3, 2, 1.67. La nne: katika A unahitaji kuongeza zaidi ya 250 kwa hatua za 30. Hatua nane zinatoa 240, hazitoshi. Tisa zinatoa 270. Hatua tisa ni mwaka wa kumi, na kodi ni 1020. Katika B, hatua saba zinafikisha 986.95, na ya nane inafikisha 1026.43. Hatua nane ni mwaka wa tisa. Aliyejibu mwaka wa tisa kwa A na wa nane kwa B amehesabu hatua akazitaja kama nafasi. Arudi kwenye vituo vya tramu.